Kamera ya Simu Rahisi na Uso wa Shangazi

Baada ya wiki nzima na simu ile ya bei nafuu, maoni yangu ya mtandaoni kuihusu yalikuwa karibu tayari: chaji inafika jioni, kioo hakisomeki kwenye jua la Diani, kamera inadanganya.

Kamera ndiyo iliyoniudhi. Nilimpiga picha shangazi yangu kwake Msambweni, ikamlainisha uso kama msichana.

"Huyu si mimi," akasema.

Nikafurahi, ushahidi ndio huo! Nikazima ile sehemu ya kurembesha nyuso, nikampiga tena. Mikunjo yote ikatokea. Akaitazama sana picha hiyo.

"Na huyu naye ni nani, mwanangu?"

Sentensi ya kamera nikaifuta, nikaiandika, nikaifuta tena. Mwishowe niliandika: kuhusu kamera, muulizeni shangazi yangu.