Imepitiwa na Daktari

Watu wa ofisini walimwita Mwalimu, ingawa chaki aliiweka chini miaka saba nyuma. Alifundisha baiolojia mpaka koo likagoma, akastaafu, na sasa aliandika makala za afya kwenye tovuti ambayo wazazi huifungua mtoto akichemka homa na zahanati iko mbali. Aliandikia nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Upande wa pili wa meza kulikuwa na kiti cha marehemu mkewe, na juu ya kiti hicho aliweka printa. Mahali pengine pa kuiweka palikuwepo tele. Hakutaka kukiona kiti kitupu, basi.

Tusizungushe maneno: mzee huyu alikuwa mpweke. Mwanawe wa pekee alikuwa ng'ambo, na simu yao ya Jumapili ilikuwa fupi kama salamu za ngazini. "Umekula, baba?" "Nimekula." "Dawa ya presha?" "Nimemeza." Haya, mpaka Jumapili nyingine. Siku zilizobaki mtu aliyezungumza naye alikuwa Daktari, na huyo hakuwahi kumtia machoni hata siku moja.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mstaafu naye, aliyetibu watoto maisha yake yote. Kazi yake kwenye tovuti ilikuwa kupitia kila makala ya watoto kabla haijatoka. Mwalimu anaandika, anamtumia, na baada ya siku mbili tatu makala inarudi ikiwa na maoni pembeni. Na maoni yenyewe, Mungu wangu! "Chanzo?" "Nani kasema?" "Umenakili kutoka kwa aliyenakili. Rudi kwenye mwongozo wenyewe." Kuna siku aliandika: "Utafiti huu ulifanywa kwa panya, Mwalimu. Wasomaji wetu si panya." Mwalimu alicheka peke yake jikoni mpaka akajishtukia.

Wiki ile mkewe alipozikwa, Mwalimu alikaa mezani akaandika juu ya mtoto anayeharisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Akageuza vipimo. Kwenye lita moja ya maji safi ya kunywa, mahali pa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, yeye akaweka chumvi sita. Chumvi sita! Mtoto angeumizwa na maji ya kumponya. Daktari alilikamata kosa, akalisahihisha, kisha chini yake akaandika: "Kosa hili si kawaida yako. Kuna nini?" Mwalimu akamwambia. Jibu likaja: "Pole sana. Pumzika. Makala zitasubiri, na mimi nipo." Waliokuja msibani walisema mengi, lakini neno alilokaa nalo ni hilo.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Makala yao ya dawa ya homa kwa watoto ilikuwa ikisomwa kuliko zote. Kila mwaka ilirudi kwa Daktari ikapitiwe upya, na safari hii Mwalimu alikuwa amemtumia miezi miwili nyuma. Kimya. Akakumbusha mara moja. Kimya. Akajiambia mtu mzima hasumbuliwi, pengine yuko safarini, pengine amechoka na makosa yangu. Kumbe hofu yake ilikuwa nyingine: akimsukuma sana, huenda Daktari akaacha kazi, na yeye abaki na nani? Kwa hiyo akasubiri.

Meneja wa tovuti hakuwa mtu wa kusubiri. Aliingia ofisini Jumatano ile, siku ambayo Mwalimu huja mjini, akavuta kiti.

"Mwalimu, ile ya homa imeshuka. Ilikuwa ya kwanza mtu akitafuta, sasa ni ya kumi na moja. Nani anafika ya kumi na moja?"

"Iko kwa Daktari."

"Sikiliza kwanza. Watu wanaandika hivi: dawa ya homa ya mtoto vijiko vingapi. Nimeangalia. Basi maneno hayohayo tuyaweke kwenye kichwa, kwenye vichwa vidogo, tuyarudierudie. Na jibu liwe juu kabisa. Nimeshaandika." Akageuza kompyuta. Juu ya makala palikuwa na jedwali: umri upande huu, vijiko upande ule. Mwaka mmoja, kijiko kimoja. Miaka mitano, viwili.

"Kijiko cha chupa ipi?" Mwalimu akauliza.

"Chupa ya parasetamoli, si ndiyo?"

"Ziko mbili, mwanangu. Kuna yenye miligramu mia na ishirini kwenye mililita tano, na kuna yenye mia mbili na hamsini. Kijiko kimoja cha hii ya pili ni zaidi ya viwili vya ile ya kwanza. Na dozi inakwenda kwa uzito. Mtoto wa mwaka mmoja aliyedhoofu na mwenzake mnene si sawa. Ukizidisha siku mbili tatu, ini ndilo linalolipa."

"Sasa mzazi atapima uzito saa hiyo?"

"Ndiyo maana tunamwambia asome chupa, atumie kipimo kilichokuja nayo, na akiwa na shaka amuulize mfamasia."

Meneja akapangusa uso. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Tovuti ikikosa wasomaji, yeye ndiye anayeulizwa. "Ijumaa mchana nairusha," akasema. "Daktari akisema neno kabla ya hapo, tutabadilisha. Asiposema, lebo yake ipo pale pale."

Lebo ni ile mistari miwili chini ya kichwa cha habari: Imepitiwa na Daktari, halafu jina lake na tarehe. Mzazi akiiona hiyo, moyo unatua.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alitafuta namba ya simu ya Daktari kwenye mkataba wa zamani. Miaka minne hakuwahi kuipiga. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akabonyeza. Ikapokelewa na sauti changa ya kike, naye akamwulizia Daktari.

"Shikamoo. Mama hayupo. Mimi ni bintiye."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa ile tovuti ya afya. Wananiita Mwalimu. Atarudi lini?"

"Mwalimu," akasema polepole, "mama amefariki. Wiki ya sita hii. Nilituma taarifa ofisini kwenu. Hawakukwambia?"

Mwalimu alisema pole, akaisema tena. Binti ndiye aliyeanza kumliwaza yeye, wakati mfiwa alikuwa binti. Kisha akasema kuna bahasha. Mama alikuwa haandiki kwenye kompyuta. Alichapisha makala, akazipigia penseli, na bintiye ndiye aliyeandika maoni yale kwenye mashine. Ya mwisho aliipitia akiwa kitandani hospitali. "Sikuweza kuiandika," binti akasema. "Nilishindwa kuifungua. Njoo uichukue, baba."

Simu ilipokatika Mwalimu alikaa akitazama printa juu ya kiti. Halafu wazo likampiga, akafungua tovuti kwa pupa. Wiki hizi sita alikuwa akikarabati makala za zamani: kiungo kilichokufa hapa, picha mbovu pale. Kila akimaliza hubonyeza kitufe cha Sasisha. Akafungua ya kwanza. Imepitiwa na Daktari, Jumanne iliyopita. Ya pili: wiki mbili nyuma. Alihesabu makala tisa. Kumbe kitufe kile kilikuwa kikisogeza tarehe ya makala pamoja na tarehe ya mpitiaji, na yeye, mkali wa vyanzo, hakuwahi kutazama. Makala tisa zilizopitiwa na mtu aliye kaburini, na aliyetia saini kwa niaba yake alikuwa yeye, kwa kidole chake mwenyewe. Na saa sita ingetoka ya kumi, ile ya vijiko. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alifika ofisini jasho likimtoka.

"Ulijua?" akamuuliza meneja.

Meneja aliangalia chini. "Barua ilikuja. Nilikuwa natafuta daktari mwingine. Nilitaka kukwambia, nikaona... ninyi wawili..." Akaacha. "Lakini Mwalimu, zile makala alizipitia kweli. Tarehe tu ndiyo imesogea. Nani ataumia?"

"Zile tisa alizipitia, tena baadhi yake miaka mitatu iliyopita. Msomaji anaambiwa wiki hii. Ni uongo, na nimeusema mimi. Hii ya vijiko hakuiona kabisa."

"Tukiziondoa zote tunazama."

"Tuzame basi!" Mwalimu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, ofisi nzima iligeuka. "Yule mama alinishika mkono nikitaka kuwanywesha watoto chumvi. Leo hawezi kunishika. Nani atanishika? Wewe na maneno yako ya kutafutia?"

Hakungoja ruhusa. Aliketi, akarudisha tarehe za kweli kwenye makala tisa moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja akaandika kwamba mpitiaji amefariki na makala inasubiri daktari mwingine. Ile ya vijiko akaifuta. Ile ya zamani ya homa akaishusha isisomwe. Meneja alisimama nyuma yake akiwa amekunja mikono. Mwishowe akasema, "Nina daktari wa watoto anayeanza Jumatatu. Nitampa zote. Lakini nikiulizwa, nitasema ni wewe."

"Sema."

Jumamosi alikwenda kuchukua bahasha. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ghorofa ya pili, ngazi zilizopigwa deki. Binti alimpokea mlangoni, akataka aingie, lakini Mwalimu aliona kwa mbali kiti cha mto karibu na dirisha na meza ndogo yenye kikombe cha penseli, akasema ana haraka. Haraka ya kwenda wapi? Uongo mtupu.

Aliisoma jikoni kwake. Mwandiko ulikuwa umeyumba, lakini ukali ulikuwa uleule. "Uzito kwanza, umri baadaye." "Chini ya miezi mitatu: asitafute dozi hapa, aende hospitali." "Taja nguvu ya chupa kila unapotaja mililita." "Wakumbushe dawa ya mafua nayo huwa na parasetamoli, wasichanganye." Na pale Mwalimu mwenyewe, kwa uvivu, alipokuwa ameandika kijiko: "Kijiko cha nyumba gani?"

Alirekebisha yote, moja moja, na kila alipomaliza jambo alilikata kwa penseli kwenye karatasi, kama Daktari alivyokuwa akitaka maoni yake yajibiwe. Jumatatu angempa daktari mpya, na lebo ingebeba jina la huyo mpya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, ingawa ilimuuma.

Akageuza ukurasa wa mwisho. Makala ilikuwa imekwishia katikati yake, na chini, pasipo na kitu cha kusahihisha, palikuwa na mistari ya penseli.

"Mwalimu, miaka minne nakugombeza na sura yako siijui. Mimi nakaa peke yangu siku nzima, binti yangu ana kazi zake. Nikitoka hapa, pita nyumbani tunywe chai. Uje na makala au uje mikono mitupu."

Aliyasoma mara nyingi. Kisha akanyanyuka, akaiondoa printa kwenye kile kiti, akaiweka sakafuni. Akabandika maji, akatoa vikombe viwili, akakirudisha kimoja kabatini. Penseli ilikuwa bado mkononi. Maoni yote ya Daktari alikuwa ameyafanyia kazi na kuyakata, ila hilo moja.