Kitambaa Kilichokosa Kupanda

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kusikiliza redio. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, Uhuru bado mpya, na chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimefungua ghala pale Rumonge, kusini mwa Burundi, karibu na gati la ziwa. Wakulima wenyewe walikaa juu, kwenye vilima vinavyopanda kutoka Gatete, ambako kahawa inakubali. Kwetu chini ni mawese na dagaa.

Walinitaka kwa sababu tatu. Nilisoma kwa masista, kwa hiyo Kifaransa cha hesabu nilikijua. Nyumbani tunasema Kiswahili tangu babu yetu alipovuka kutoka Kongo, kwa hiyo redio ya Nairobi niliielewa kuliko karani yeyote wa Bujumbura. Na mume wangu, fundi cherehani, alikuwa na redio. Nadhani hiyo ya tatu ndiyo iliyowashawishi zaidi.

Kila wiki, msimu wa mnada, Nairobi ilisoma bei ambazo kahawa imeuzwa. Kahawa yetu haikwenda Nairobi, na haikupata bei ya huko. Ilikuwa daima chini yake. Lakini bei ya dunia ikipanda huko, na yetu hupanda. Ikishuka, na yetu hufuata. Sisi tulitaka kujua mwendo wake kabla mnunuzi hajafika na maneno yake.

Walisoma kwa shilingi na kwa handaredi, yaani kilo hamsini nukta nane. Wakisema shilingi mia tatu hamsini na sita, nagawa, napata shilingi saba kwa kilo. Shilingi moja ilikuwa faranga saba zetu, kwa hiyo faranga arobaini na tisa. Wakulima wetu waliuza parche, kahawa iliyokaushwa ambayo bado ina ganda la ndani, na kilo moja ya parche ikikobolewa hubaki gramu mia nane. Basi kilo ya parche ni faranga thelathini na tisa na kidogo, na hapo bado hujatoa lori, kukoboa na ushuru. Niliandika yote hayo ubaoni, nje ya ghala, safu kwa safu.

Wakulima wengi hawakusoma. Ndiyo maana nikaweka vitambaa. Bei ikipanda zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko wiki iliyopita, napandisha kitambaa cheupe juu ya mwanzi uliosimama kando ya ubao. Ikishuka kiasi hicho, chekundu. Wanawake waliokuja sokoni na mihogo walikiona, wakapanda na habari yake mdomoni hadi vilimani, na kabla ya jioni kila rugo, kila boma, inajua. Cheupe: subiri, usiuze. Chekundu: uza upesi. Mwanzi mtupu: hakuna jipya.

Nilijivunia vitambaa vile. Naweza kusema hivyo sasa.

Meneja wa ushirika, ambaye sote tulimwita jeran, alikuwa kijana wa shule kubwa, viatu vinang'aa hata masika. Kila wiki dereva wa lori alimletea kutoka benki ya Bujumbura karatasi yenye kiwango cha shilingi na dola kwa faranga. Yeye alinisomea, mimi nikaandika. Kwa miaka yote kilikuwa kilekile, saba, hata mimi nikaacha kuuliza. Na hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuwa saba haikubadilika, nilipima kupanda na kushuka kwenye safu ya shilingi. Ilikuwa rahisi, hesabu moja badala ya nne. Safu ya faranga niliijaza baadaye tu, kwa mazoea.

Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na tano wakulima walikuwa wamezuia sehemu ya kahawa ghalani. Bei ya msimu haikuwapendeza, wakakubaliana mkutanoni kungoja kitambaa cheupe. Mwenyekiti wao, muzee mmoja mpole aliyeniita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi, ndiye aliyewashawishi. Alikuwa na magunia yake humo, na alikuwa anajenga nyumba. Alitaka mabati ishirini na nane. Idadi hiyo aliitaja kila aliposhuka, kama mtu anayetaja umri wa mtoto wake.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nairobi ilisoma bei, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na haikusogea. Jeran alinisomea saba. Mwanzi ukabaki mtupu. Halafu akaja mnunuzi kutoka Bujumbura, mtu ambaye hatukumwona ila wakati wa mavuno, akasema atachukua kahawa yote iliyobaki kwa bei ya msimu na kuongeza faranga moja kwa kilo. Jeran akaitisha mkutano siku hiyohiyo. Aliwaambia kwamba Nairobi imelala, ghala lina unyevu, kahawa inaweza kushika ukungu. Akanyoosha mkono kuonyesha mwanzi wangu.

Muzee akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwana wanje, iko namna hiyo?"

"Iko vilevile, muzee," nikasema. "Haijapanda."

Wakaweka dole gumba kwenye karatasi, mmoja mmoja. Malori mawili yalipakia, yakaondoka kabla ya kufuturu.

Siku nne baadaye nilikwenda kununua kitenge cha Idi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu, familia yao ya Oman iko Burundi tangu zamani, na bidhaa zake zilitoka Kigoma kwa boti. Alinitajia bei, nikacheka nikidhani ananitania. Hakucheka.

"Shilingi sasa ni faranga kumi na mbili na robo, mama," akasema. "Serikali imeshusha faranga. Mimi nitafanya nini? Na wewe ndiye mwenye ubao."

Nikamuuliza tangu lini. Akanitajia siku. Ilikuwa kabla ya malori kupakia. Redio ya Bujumbura ilikuwa imetangaza, lakini mimi nilisikiliza Nairobi tu, na vilimani redio hazikuwepo.

Niliacha kitenge juu ya meza yake. Nilifika ubaoni, nikashika chaki, nikafanya hesabu nimesimama juani na kinywa kikavu kwa saumu. Shilingi saba mara kumi na mbili na robo: themanini na tano na robo tatu. Toa ganda: sitini na nane na zaidi ya nusu. Nilikuwa nimeandika thelathini na tisa. Bei ya kahawa, kwa pesa ambayo wakulima wetu hula nayo, ilikuwa imepanda kwa robo tatu yake ndani ya wiki moja. Kitambaa cheupe kilitakiwa kupanda juu kuliko siku zote tangu nianze. Mnunuzi alikuwa amelipa kwa faranga ya zamani kahawa ambayo yeye angelipwa kwa faranga mpya.

Jeran alikuwa ofisini, anakata kucha. Nilimwomba karatasi ya benki ya wiki ile. Akasema iko kwenye faili. Nikasema nataka kuiona. Hakusimama. Akaniambia bila kupandisha sauti:

"Wewe umeambiwa uandike bei ya Nairobi. Umeandika. Nairobi imepanda?"

"Faranga imeshuka."

"Kitambaa chako kinapima faranga?"

Mpaka leo, nikiwaza uso wake ule, ngozi inanichoma. Alijua namna nilivyokuwa ninapima. Aliisoma kazi yangu kuliko mimi mwenyewe, akaona pale penye tundu, akapita humo na malori mawili.

Mume wangu alinishauri ninyamaze. Alisema karatasi ina alama za dole gumba za watu, bei iko juu ya ile ya chini iliyowekwa na serikali, hakuna sheria iliyovunjwa, na mimi ni mwanamke wa Kiswahili katikati ya watu wa vilimani. Wakihitaji mtu wa kumlaumu hawatatafuta mbali. Alikuwa na haki katika kila neno, nikamkasirikia kwa kila neno.

Baada ya Idi nilipanda Gatete na kuendelea juu kwa miguu, mwendo wa asubuhi nzima. Walikusanyika uani kwa muzee. Nikawaeleza kwa Kiswahili, mwanawe akitafsiri kwa Kirundi pale niliposhindwa. Niliwaambia habari ya karatasi iliyofichwa, na niliwaambia habari ya safu ya shilingi. Ningeweza kuiruka hiyo ya pili. Hakuna ambaye angejua.

Wengine walinitukana, na mama mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Muzee alinyoosha kidole kwenye nyumba yake. Alikuwa ameshanunua mabati, yamepigiliwa. Bati nalo linatoka ng'ambo, nalo lilipanda bei pamoja na kitenge na mafuta ya taa. Aliuza kwa faranga ya zamani, akanunua kwa faranga mpya. Alipata kumi na sita. Upande mmoja wa nyumba uling'aa, upande wa pili ulikuwa nyasi.

"Walinichukulia mara mbili," akasema. "Kwenda na kurudi."

Walishuka wote siku ya soko, wakajaza ofisi. Jeran akawaonyesha alama za dole zao. Akawauliza kwa adabu kama kuna aliyelazimishwa. Walipiga kelele, wakaandika barua kwa wakubwa, mimi ndiye niliyeiandika, kwa Kifaransa changu bora kabisa. Barua haikujibiwa. Msimu ulipokwisha jeran alihamishiwa ofisi ya Bujumbura, yenye mshahara mkubwa na nyumba. Ndiyo adhabu aliyoipata.

Nilichoweza kufanya nilifanya. Dereva wa lori sasa alinipa mimi karatasi ya benki mkononi, nami niliibandika ubaoni kila mtu aione. Nilipima mwendo kwenye safu ya mwisho, ile ya faranga kwa kilo ya parche, na nikafundisha watoto wawili wa vilimani kufanya hesabu yote, wanikague. Walinikuta na kosa mara kadhaa. Nilifurahi kila mara. Wanunuzi wakaanza kutupita na kwenda kwingine kwanza, jambo lililonionyesha kwamba tunafanya vizuri.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, na mauaji yake. Siandiki hapa yaliyotokea toka Rumonge hadi Nyanza-Lac; wameyaona wengi, na wengi walioyaona hawapo. Muzee aliuawa. Mwanawe, aliyenitafsiria, sijui kama alivuka mpaka. Ghala lilibaki wazi, milango imeng'olewa.

Watu niliowasimulia kisa hiki, wengine katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, huniambia kwamba mbele ya yale yaliyofuata, bei ya kahawa ni jambo dogo. Huniambia kwa wema, wanitulize. Sitaki kutulizwa. Yule muzee alikaa miaka saba iliyobaki ya maisha yake chini ya nusu ya paa, na mvua ya vilima vile naijua. Aliyemchukulia nusu nyingine alikuwa na jina, meza na saa ya ukutani, na alikata kucha zake huku nikizungumza.