Gramu Thelathini za Mama Sufuria

Mpishi wa kituo chetu cha zimamoto tunamwita Mama Sufuria. Ni mwembamba, si msemaji, na mizani yake ya jikoni huifuta kila akimaliza kupima kana kwamba anafuta uso wa mtoto. Ametulisha miaka kumi na tisa. Mimi nilimshuku kuwa mwizi kwa wiki tatu.

Nianze na kisa changu. Mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na moja na kilo sabini na tano, nilishindwa jaribio la kumburuta mwanasesere wa kilo themanini, yule anayeshika nafasi ya majeruhi. Nikapewa wiki nane nirudie. Nikishindwa tena, nahamishiwa meza ya kupokea simu. Wengine huita hiyo kupumzika, mimi niliiona kama kuzikwa nikiwa macho.

Mtaalamu wa lishe wa zahanati alinipigia hesabu. Mtu wa uzito wangu na mazoezi yangu, alisema, alenge kama gramu mia moja na ishirini za protini kwa siku. Kosa langu lilikuwa kunywa chai na mkate asubuhi, kugusagusa chakula mchana, kisha kulundika nyama yote usiku. Afadhali nigawe kwa milo minne, gramu thelathini kila mlo, ili misuli ipate cha kujengea mchana kutwa.

Nilimwandikia Mama Sufuria karatasi fupi, maana kuandika kunanichosha: nyama au mayai, gramu thelathini, mara nne kwa siku. Akaisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mtaalamu ndiye aliyesema, yeye apike tu.

Kesho yake asubuhi nikaletewa yai. Si yai zima, ni zaidi kidogo ya nusu. Mchana kikaja kipande cha nyama ambacho paka angekiangalia mara mbili kabla ya kukubali. Jioni hivyo hivyo. Wenzangu walikuwa na minofu ya kujaza kiganja. Moyoni nikasema kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kuchunguza. Niliona kila jioni anatoka na bakuli lenye mfuniko ndani ya kikapu. Nikahesabu mifupa kwenye pipa la taka, nikalinganisha na kilo zilizoletwa na mchinjaji. Wiki ya tatu nikajaribu kumburuta yule mwanasesere, nikamwachia nusu ya njia. Nilikuwa dhaifu kuliko siku niliyoshindwa. Hasira ikanipanda, nikaenda kwa mkuu wa kituo nikamwambia mpishi ananiibia chakula changu.

Mkuu alimwita mbele ya zamu nzima. Bakuli likafunguliwa: maganda ya viazi, chakula cha kuku wake wa nyumbani. Hakuna aliyecheka. Mama Sufuria akatoa karatasi yangu mfukoni mwa aproni, akamkabidhi mkuu bila kunitazama.

Mkuu akapiga simu zahanati, akaiweka kwenye spika ili wote tusikie, akasoma karatasi yangu. Mtaalamu akashusha pumzi.

"Gramu thelathini za protini, ndugu yangu, si za nyama. Nyama ina maji na vingine. Kipande cha gramu thelathini kina protini kama nane tu. Ukitaka thelathini, kula kama gramu mia moja na kumi za nyama iliyopikwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe mama wa watu alikuwa ametii kila neno langu, na neno langu ndilo lililoninyima.

Zilibaki wiki tano, na hakulipiza kisasi. Asubuhi mayai matatu, mkate na kikombe cha maziwa. Mchana nyama ya kutosha na wali. Saa kumi vikombe viwili vya mtindi na karanga za kujaza kiganja. Usiku samaki, au maharage mengi na yai juu yake. Nami nikafanya mazoezi mpaka jasho likanikauka. Chakula peke yake hakiburuti mtu. Siku ya jaribio nilimfikisha mwanasesere mstarini zikiwa zimebaki sekunde nne.

Nilikimbilia jikoni kumwomba radhi, maana tangu siku ya ile simu sikuwa nimethubutu.

"Mama, nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema, kwa upole kabisa.

Kisha akaweka nyama yangu kwenye mizani, akaigeuza mizani inielekee, akasimama pembeni mikono nyuma.

"Soma."

Nikasoma. Mia moja na kumi. Ndipo akaniruhusu nichukue. Mwaka wa pili sasa, wenzangu huchotewa tu wakapita, na mimi kila mlo nasomeshwa mizani mbele yao.