Chumba Changu Juu ya Choo cha Babu

Chumba changu kipo kwenye kona ya nyumba yetu ya Msambweni, na kwa miaka mingi kilikuwa kikizama taratibu bila kunikosesha usingizi. Mimi ni mtu wa ndani. Mlango ulipoanza kukwaruza fremu, niliuchonga kwa randa. Ulipokwaruza tena nikauchonga tena, mpaka upande wake wa juu ukawa mshazari kama paa la banda. Kitanda nilikitegemeza kwa vibao. Dadangu, anayefanya kazi hotelini Galu, alisema vile vibao vikitoka nitaamka Tanga.

Ukutani palikuwa na ufa uliopanda kingazi-ngazi kufuata maungio ya matofali. Kila Idi ikikaribia, mama aliuziba na kuupaka chokaa ili wageni wasiuone. Wageni wakiondoka, nao ufa unarudi.

Mwaka mmoja ufa huo ulipomeza kidole changu kizima, mama akamwita mwashi wa mtaani.

"Msingi umeshuka," akasema yule mzee. "Nachimba chini ya ukuta wote, naumwagia zege mara moja, jioni tunakunywa chai."

Mpango ulinipendeza kwa sababu sikutakiwa kuhama. Nikabaki kitandani na kikombe changu. Kabla ya adhuhuri, kipande cha plasta kikaanguka ndani ya kikombe. Nje, mwashi alikuwa ameshachimba chini ya nusu ya ukuta, na msingi unaning'inia. Dadangu, ambaye alikuwa hamwamini mtu yeyote anayeahidi chai ya jioni, alikuwa amekuja na mhandisi, mwanamke mwenye kofia ngumu na adabu nyingi.

"Shikamoo, fundi. Naomba utoke shimoni polepole."

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

"Kuna nyumba juu yako."

Akaamuru ukuta utegemezwe kwa magogo na udongo urudishwe kidogo kidogo, ukishindiliwa. Kisha akataka kujua kwa nini kona ile tu ndiyo inayozama. Akachimbisha shimo dogo la uchunguzi pembeni. Kukatoka makumbi ya nazi yaliyooza, sandali moja, na makumbi mengine.

"Hilo ni shimo la choo cha babu yake huyu," mama akasema. "Tulilijaza makumbi, tukajenga."

"Mama, mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Wewe uliuliza habari ya ufa. Choo hukukiuliza."

Juu ya yote, mfereji wa paa ulikuwa ukimwaga maji ya mvua papo hapo. Mhandisi akaamuru uhamishwe, akabandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa, kikishikwa na plasta pande zote mbili. Kioo kikibaki kizima kwa miezi kadhaa, kona imetulia. Kikivunjika, bado inashuka, na hapo huenda chumba kikabomolewa.

Basi nikawa mlinzi wa kioo. Nilipiga chafya uani. Mlango niliufunga kama naiba. Dadangu akawa akipita anakipigia saluti.

Ramadhani ikaisha, mhandisi akarudi baada ya Idi. Akasimama mbele ya ukuta mweupe unaong'aa.

"Kioo kiko wapi?"

"Nilikiziba," mama akasema. "Wageni walikuwa wanakuja."

Mhandisi akakwangua chokaa kwa upole. Kioo kilikuwa ndani, kimepasuka katikati.

"Utabomoa?" nikauliza.

"Hapana. Tutaushusha msingi mpaka ardhi ngumu. Lakini wewe utahama."

Nikahamia Galu, kwa dada, nikakaa kwenye kochi lake kama mgonjwa. Mwashi ndiye aliyenipa habari kwa simu. Walichimba kipande kifupi tu chini ya ukuta, makumbi yote yakatoka, wakafika kwenye mwamba. Wakamwaga zege, wakaliacha ligande, na uwazi uliobaki chini ya msingi wa zamani wakaushindilia mchanga na simiti isiyo na maji mengi. Ndipo wakaruka kipande cha jirani, wakachimba kingine mbali na kile. Vipande viwili vilivyopakana havikuwa wazi kwa pamoja hata mara moja.

"Chai yako imechelewa," nikamtania.

"Inapoa, bwana. Nyumba ipo."

Hofu yangu iliyobaki ilikuwa moja: je, wameinyanyua kona? Niliporudi niliweka yai sakafuni, likabingirika hadi konani kama zamani.

"Tumeizuia isishuke tena," mhandisi akaeleza. "Hatukuirudisha juu."

Nikaufunga mlango wangu mshazari. Ukaingia kwenye fremu barabara.

Kioo kipya alichobandika mhandisi bado kizima. Mama haruhusiwi kukipaka chokaa, kwa hiyo kila wageni wakija hukifuta kwa kitambaa, na kuwakaribisha chumbani kwangu wakitazame.