Dawa ya Bibi Asiyekohoa

Nilikuwa mfamasia ugenini, mtaa wa Umbilo, na Wakongo wenzangu walipenda niwahudumie mimi kwa sababu ya lugha. Siku moja msichana wa kwaya yetu aliomba dawa ya kikohozi yenye kodeini, ile inayolevya na kumfanya mtu ashindwe kuiacha, akaitaja kwa jina. Alisema ametumwa na bibi yake. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshamuuzia chupa nyingine. Alikuwa anasinzia amesimama, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, na alijikuna mikono bila kuacha. Nikamnyima. Nikampa nyingine isiyo na kodeini, akaikataa. Nikamwambia, kama kuacha kunamshinda, yuko daktari wa kumsaidia. Akaondoka amenuna.

Jumapili mama yake alinikabili nje ya kanisa.

“Dada, kwetu mtoto aliyetumwa na mkubwa hanyimwi. Umetuaibisha.”

Bibi alikuwa pembeni yake. Nikamuuliza, “Bibi, unakohoa?”

“Hapana, mwanangu. Wala sijamtuma mtu.”

Nikamgeukia mama. Nikamwambia polepole, “Mlete kesho, tutaenda wote kwa daktari. Lakini hiyo chupa, hata mkinifukuza kanisani, simpi.”