Ukurasa wa Pili wa Karatasi Yangu ya Bei

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alichukua karatasi niliyomwandikia kumweleza kazi nitakayoifanya na bei yake, akaitumia kama kazi yenyewe. Mambo yalipoharibika akasema aliyeharibu ni mimi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nazunguka.

Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Kwetu ada ilitosha mtoto mmoja, akapelekwa dada. Mimi nikapewa ufagio. Nilifagia kwenye kiwanda cha uchapaji, na humo alikuwamo msahihishaji mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kusahihisha chapa wakati ule kulitaka watu wawili: mmoja anasoma maandishi ya mteja kwa sauti, koma na nukta zikiwemo, mwingine anafuata kwenye chapa na kuweka alama. Msomaji wake alipoacha kazi, hakuletewa mwingine. Akaniita mimi. Alinifundisha herufi saa za chakula, chaki kwenye bati la mashine. Baada ya miaka miwili nilikuwa namsomea. Baada ya saba, nilikuwa naweka alama mwenyewe. Cheti sina, lakini sentensi ikichechemea naisikia kabla haijafika mlangoni.

Leo najitegemea. Mtu akileta kiwandani maandishi machafu, mwenye kiwanda humwambia, "Kamwone yule mama kwanza." Neno hilo ndilo linalonilisha. Sina lingine.

Shemeji anatengeneza sabuni za maji na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Alikuwa na brosha ya kurasa nane, akanitupia mapajani sebuleni kwake, watu wamejaa.

"Shemeji, hebu itakatishe hii. Si wewe ndiye profesa wa ufagio?"

Wakacheka. Dada naye akacheka, yule aliyesomeshwa kwa zamu yangu.

Nikaenda nayo nyumbani, nikaisoma mara tatu. Wenzangu katika kazi hii wana akili kuliko mimi. Wao wangeandika tu: makosa ni mengi, mfano huu na huu, bei ni hii. Mimi niliorodhesha makosa thelathini na moja, ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari, na masahihisho yake pembeni. Nilitaka aone kwamba profesa wa ufagio anajua kazi. Kiburi cha mtu asiye na cheti ni ghali, nami nimekilipia.

Orodha ilijaza ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili niliandika mipaka yangu: nitanyoosha lugha iliyopo, nitalinganisha maneno na namba, nitapitia masahihisho mara mbili. Sitaandika upya, sitachora, sitathibitisha vipimo vya dawa. Bei kwa kurasa nane, nusu kabla sijaanza. Kazi inaanza mteja akitia saini. Na chini kabisa, swali moja nililolipigia mstari.

Huandika haya yote kwa mkono, kwenye daftari la nakala lenye namba zilizochapwa. Karatasi ya juu anachukua mteja, ya chini inabaki kwangu na alama ya kaboni. Yake zilikuwa namba 46 na 47. Chini ya kila moja niliweka saini na namba yangu ya simu.

Alizikunja akatia mfukoni. "Tutawasiliana." Hakutia saini, hakulipa, hakupiga simu. Miezi miwili.

Aliyepiga ni mwanamke nisiyemjua, meneja wa nyumba ya wageni. "Wewe ndiye uliyeandika kikombe?"

"Kikombe kipi, dada?"

"Njoo kiwandani walikochapa brosha. Utakiona."

Nilikuta shuka zimelundikwa kaunta, shuka nyeupe zilizotoboka kama wavu. Mfua nguo wake alikuwa amefuata brosha: kikombe kimoja cha dawa kwa ndoo. Mwenye kiwanda alisimama nyuma ya kaunta. Shemeji alikuwa ameketi, na mkwewe, mke wa mwanawe anayemwandalia makaratasi yake, amesimama nyuma yake.

"Huyu hapa," shemeji alisema kabla sijavuta kiti. "Muulizeni. Saini yake hii, simu yake hii. Nilimpa kazi kwa ajili ya undugu. Shukrani ya punda ni mateke."

"Undugu gani wa kuninyonga mchana kweupe?"

"Sina haja na undugu wenu," meneja alisema. "Nataka aliyeandika kikombe." Akanionyesha karatasi aliyopewa na shemeji. Namba 46. Orodha yangu.

"Na ya pili iko wapi?" nikauliza.

"Ya pili ipi? Nilipewa hii tu," shemeji akajibu.

"Soma hapo chini, meneja. Nimeandika: ukurasa wa 1 kati ya 2."

Nikafungua daftari langu, nikaweka nakala ya 46 kando ya ile aliyoshika. Kila mkwaruzo ulilingana. Kisha nikafunua 47, inayofuata, na nikamsomea kama nilivyokuwa nikimsomea mzee wangu, koma na nukta zikiwemo. "Ukurasa wa tatu, maneno yanasema kikombe kimoja kwa ndoo, koma, mchoro unaonyesha kifuniko kimoja, nukta. Kipi ni sahihi, alama ya kuuliza. Hili siamui mimi, koma, aamue anayetengeneza dawa, koma, kabla sijaanza kazi, nukta."

"Mambo ya kaboni hayo," shemeji akasema. "Nani anajua uliyaandika lini?"

"Daftari hili limeshafika 60. Ningeiandika juzi, isingekuwa 47. Hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma."

Meneja akamgeukia mkwe. "Binti, nani alirekebisha brosha?"

Alitazama sakafu. "Mimi. Baba alinipa orodha ya mama mdogo, akasema nifuate. Hilo la kikombe nililiona kwenye ile karatasi nyingine, nikamuuliza. Akasema, fanya vifanane. Nikabadili mchoro."

"Nyamaza wewe!"

"Nimeshasema, baba."

Ilipaswa iwe kifuniko. Alijua, dawa ni yake. Hakutaka tu kusumbuliwa na swali langu.

Meneja alikusanya shuka zake. "Mzee, mimi na wewe tutaonana," akamwambia, na mimi akaniinamishia kichwa mara moja. Shemeji akatoka bila kunitazama, mkwe nyuma yake.

Nikabaki na mwenye kiwanda. "Umesikia," nikamwambia.

"Nimesikia, mama. Lakini meneja alipokuja mara ya kwanza, shemeji yako alikutaja mbele ya wateja wangu watano, na wao leo hawakuwepo. Asipotamka mwenyewe kwamba hukuigusa, siwezi kuwaambia watu wakuone wewe. Na yeye analeta kazi kila mwezi, unajua."

Najua. Tangu siku hiyo simu yangu imenyamaza.

Juzi dada alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. "Msamehe, mdogo wangu. Yaishie nyumbani."

"Yaliharibikia kaunta mbele ya watu. Nyumbani yataishaje?"

"Ulikuwa hivi tangu utotoni."

"Tangu utotoni nilikuwa na ufagio, dada. Ninyi mlikuwa na madaftari."

Akaondoka, chai haikuguswa.

Habari ya shuka ni ya meneja na shemeji. Mimi namdai sentensi moja tu. Asimame palepale kaunta, asubuhi wateja wakiwa wengi, aseme kwa mdomo wake: brosha hii shemeji yangu hakuigusa, na swali aliniuliza. Nimempelekea imeandikwa, namba 63, ukurasa mmoja tu ili asipate wa kuficha. Nakala ninayo. Hajaja kuisoma.