Kuku wa Wiki Sita za Vakansi

Shule ikiwa wazi sina saa hata moja ya kwangu. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia, na madaftari nayabeba nyumbani kichwani kama mwanamke wa kuni. Halafu shule inafungwa Julai, na wiki zote zile nakaa kambini Dzaleka, hapa Malawi, naangalia mikono yangu, na ile posho ndogo ya mwalimu mkimbizi imekwisha zamani.

Wenzangu wengine walifundisha masomo ya vakansi kwa malipo. Mimi nilikataa. Wazazi walishaanza kunong'ona kwamba mwalimu anaficha somo darasani ili aliuze likizo, na sikutaka mtu anitazame hivyo. Nikachagua kuku wa nyama. Kifaranga cha siku moja huwa tayari kwa sufuria baada ya wiki tano au sita. Nikianza siku shule inapofungwa, nitauza kabla kengele haijalia tena.

Vifaranga hamsini nilivinunua sokoni Lumbadzi, kwa mama mmoja aliyeviuza ndani ya katoni zilizotobolewa.

"Ni wa nyama?" nilimuuliza kwa Chichewa changu kibovu.

"Si unaona rangi?" akasema. Kweli, vilikuwa vya manjano.

Niliviweka chumbani ndani ya duara la makatoni, na chungu cha makaa katikati, kwa maana Julai ya huku kwetu Dowa ina baridi inayouma. Chanjo nilitia kwenye maji kwa siku zake. Nilipokwenda sokoni au kanisani, jirani yangu Mrundi, mjane anayekaanga mandazi, ndiye aliyebaki navyo.

Wiki ya pili ikaisha, vifaranga bado vyembamba. Mabawa yameota manyoya, vinaruka na kutua juu ya ukingo wa katoni, lakini kifua hakuna. Chakula kinapungua, nyama haionekani. Chakula kinakwenda wapi?

Nikaanza kumwangalia jirani. Nilitazama kuku wake wawili wa kienyeji, nikaona wamenenepa. Siku moja nilichora mstari wa chaki ndani ya gunia, usawa wa chakula, nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi mstari ulikuwa juu kabisa na chakula kiko chini.

"Mama," nilimwambia kwa Kiswahili chetu cha kambini, "chakula ya kuku yangu iko inakwenda wapi?"

Alikuwa anaosha sufuria.

"Nilibaongezea. Balikuwa banalia njaa."

"Unabaongezea na banabaki bakonde?"

"Mwalimu," akasema polepole, "unataka kusema mi ni mwizi?"

Akajifuta mikono, akaingia kwake, akafunga mlango. Tangu siku ile nilibeba ufunguo shingoni, hata nikienda chooni.

Lakini hata chini ya ufunguo wangu havikunenepa. Wiki ya tatu nilitia kimoja kwenye kikapu, nikapanda basi dogo mpaka Mponela kwa mzee anayeuza chakula cha mifugo. Alikishika kifaranga, akabonyeza kifua, akanyoosha miguu yake mirefu.

"Huyu si wa nyama," alisema. "Ni jogoo wa kabila la mayai. Wale kuku wa mayai wa kahawia, majike wanazaliwa kahawia, madume manjano. Madume hayatagi, basi mtu anayauza hivi kwa asiyejua. Mpe chakula cha dunia nzima, wiki sita hatafika."

"Atafika lini?"

"Miezi minne, hata zaidi."

Miezi minne! Nitakuwa katikati ya muhula, ubaoni tangu asubuhi. Nilipitiliza mpaka Lumbadzi. Yule mama akaniambia, "Nilikuambia uone rangi. Nilisema ni wa nyama?" Nikakumbuka maneno yake. Kweli hakusema.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko safari yote. Nilisimama mlangoni kwa jirani, ufunguo bado shingoni, nikamwambia, "Mama, nimekosa. Balinidanganya Lumbadzi, na mi nikakuwekea wewe makosa."

"Ulichora chaki," alisema. "Niliiona siku ile ile."

Nikauvua ufunguo shingoni.

Hakunisamehe siku ile. Alikuja baada ya siku tatu, akayatazama majogoo, akasema bei yake: yeye atayalisha pumba na mabaki wakati mimi nafundisha, na nusu ni yake. Alitaka tukubaliane mbele ya mchungaji. Nikakubali, ingawa moyo wangu uliuma kidogo kwamba sasa yeye ndiye aliyetaka shahidi.

Shule ikafunguliwa. Majogoo yakakua taratibu, magumu, mekundu vichwani, na wiki ya Noeli watu waliyagombania kwa sababu nyama yake ina ladha ya kienyeji. Tuligawana. Alihesabu mara mbili mbele yangu.

Tunasalimiana vizuri sasa. Mandazi ananipa. Lakini akipita karibu na mlango wangu mimi nisipokuwepo, husema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, kwamba anapita tu.